Gari nimeliuza, msaada wa barabarani bado nimeulipia: je, miezi iliyobaki narudishiwa?

*"Tarehe 1 Machi nililipia kwa mkupuo mkataba wa mwaka mmoja wa msaada wa barabarani: gari likizima njiani wanakuja, wakishindwa kulitengeneza wanalivuta hadi gereji. Mwezi wa Mei niliwaita mara moja, fundi akaja akashtua betri, nikaendelea na safari. Tarehe 10 Julai nililiuza gari. Juzi nimewapigia kuomba wanirudishie miezi iliyobaki, dada wa huduma kwa wateja akasema mkataba ni wa mwaka na nilishautumia, hivyo hakuna cha kurudishwa. Leo ni tarehe 4 Agosti. Rafiki yangu ananishauri niende benki wayabatilishe yale malipo. Kweli hela imekwenda hivihivi?"*

Usiende benki kwanza, na hilo jibu la simu usilichukue kuwa la mwisho. Dada huyo huenda yuko sahihi, huenda amekosea, lakini kitu kimoja nina hakika nacho: hakuwa na mkataba wako mbele yake. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye dawati lililopokea barua za watu wanaovunja mikataba kama huu wako, na watu wa simu walipewa sentensi moja tu ya kujibu. Sentensi ile ilikuwa kweli kwa baadhi ya mikataba yetu na si kweli kwa mingine. Aliyeandika barua, faili lake lilifunguliwa na mtu akalisoma. Aliyepiga simu aliambiwa ile sentensi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta karatasi, na iwe karatasi sahihi. Unachotaka ni masharti yaliyokuwepo tarehe 1 Machi ulipolipa, si yale yaliyoko leo kwenye tovuti yao. Makampuni hubadilisha masharti kila mara, na yaliyowekwa mwezi uliopita hayakuhusu. Kwa kawaida yalitumwa kwa barua pepe siku ileile pamoja na risiti. Usipoyapata, waombe nakala ya masharti yaliyotumika kwenye mkataba wako, ukitaja namba ya mkataba na tarehe ulipoanza.

Ukishayapata, soma kwanza ukurasa wenye ratiba ya mkataba, yaani ule wenye jina lako, kabla ya sehemu ya kuvunja mkataba. Angalia kinachokingwa ni nini: gari au mtu. Watu wengi hawajui kwamba mikataba hii iko ya aina mbili. Katika aina ya kwanza msaada umefungwa kwenye namba ya gari. Gari likizima wanakuja, hata akiwa analiendesha mwanao. Katika aina ya pili msaada umefungwa kwa jina lako; ukiwa kwenye gari lolote, la kwako au la kuazima, wanakuja. Kama wako ni wa gari, basi tangu 10 Julai hukuwa na kitu cha kuokolewa, na hoja yako ya kurudishiwa ina nguvu. Kama ni wa mtu, kampuni itakujibu kwamba hata leo ukiendesha gari la shemeji yako wangekuja, kwa hiyo kuuza gari hakujaondoa chochote ulichonunua. Bado unaweza kuvunja, ila unavunja kwa hiari yako tu, na kuuza gari si sababu inayokupa haki ya ziada.

Baada ya hapo nenda kwenye kifungu cha kuvunja mkataba. Utakutana kwanza na muda wa kutafakari, yaani siku chache baada ya kununua ambazo mteja anaweza kubadili mawazo na kurudishiwa karibu fedha zote. Siku 14 ndizo zinazoonekana sana. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu huduma za fedha zinazouzwa kwa mbali, kwa mfano, iliweka siku hizohizo 14. Wewe umeshapita huko zamani. Nalitaja kwa sababu wengi wakisoma hapo hukata tamaa, wakidhani baada ya siku 14 mlango umefungwa. Haujafungwa. Kilichoisha ni haki ya kurudishiwa bila maswali. Kinachofuata ni kuvunja katikati ya mwaka, ambako kuna hesabu yake.

Ili uielewe hesabu hiyo, elewa kwanza kwa nini kampuni haipendi kukugawia mwaka vipande kumi na viwili vilivyo sawa. Sehemu ya ulicholipa ilitumika siku ya kwanza: kamisheni ya wakala, kukusajili, kodi. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Kuvuta gari mara moja kwa umbali mrefu kunaweza kuigharimu kampuni zaidi ya ada yote ya mwaka. Biashara inasimama kwa sababu wengi hulipa mwaka mzima bila kuita hata mara moja. Sasa, kama kila mtu angeweza kulipa leo, akavutiwa gari wiki ijayo, kisha akavunja na kuchukua ada ya miezi kumi na moja, wenye magari mabovu wangejiunga siku gari linapoanza kukohoa na kuondoka likipona. Ndiyo maana karibu kila mkataba una neno fulani kuhusu mteja aliyekwisha kuutumia. Si ukorofi. Ila neno lenyewe haliandikwi namna moja, na fedha zako zinategemea lilivyoandikwa kwako.

Nimeliona likiandikwa kwa namna tatu. Namna ya kwanza inasema wazi kwamba ikiwa huduma yoyote imetolewa ndani ya mwaka, hakuna kinachorudishwa. Ikiwa yako iko hivi, betri ile ya Mei imekufungia njia, na dada wa simu alikuwa sahihi. Namna ya pili inasema utarudishiwa baada ya kukatwa gharama ya huduma uliyopewa. Hapo betri inakupunguzia, haikufuti. Namna ya tatu haisemi chochote kuhusu aliyetumia. Inaeleza tu jinsi ya kuhesabu siku zilizobaki. Ikiwa yako iko kimya, jibu la simu halina msingi, na ndilo la kuwaandikia kwa adabu lakini bila kuyumba: nionyesheni kifungu.

Kuna jambo dogo hapo ambalo limewahi kuwapa watu fedha zao. Baadhi ya mikataba huandika "dai lililolipwa" badala ya "huduma iliyotolewa". Kama fundi aliyekuja ni mwajiriwa wao, hakuna aliyelipwa kwa dai lako, na ubishi unakuwa halali. Siahidi kwamba utashinda. Nasema tu kwamba neno likiwa na utata, katika mifumo mingi ya sheria utata huo humwangukia aliyeuandika mkataba. Pia waombe kumbukumbu ya miito yote iliyoandikwa kwenye mkataba wako. Nimewahi kuona mtu amenyimwa kwa sababu ya mwito alioufuta mwenyewe dakika kumi baada ya kupiga, hakuna fundi aliyefika, lakini kwenye mfumo ulibaki unasomeka kama huduma. Na nimeona cha ajabu zaidi: gari limeuzwa, namba imebaki kwenye mkataba wa mwenye zamani, mnunuzi akakwama barabarani, akapiga namba ya simu iliyobandikwa kwenye kioo, akahudumiwa. Mwito ule ukahesabiwa kwa muuzaji. Hiyo stika ya kwenye kioo uliitoa ulipouza?

Sasa hesabu. Hukutaja kiasi ulicholipa, basi tuchukue 600, ya fedha yoyote unayotumia, na tarehe zako zibaki zilezile.

Njia rahisi kuliko zote ni hesabu ya siku. Kutoka 1 Machi hadi 10 Julai, ukijumlisha siku zote mbili za mwanzo na mwisho, ni siku 132. Zinabaki 233 kati ya 365. Chukua 600, zidisha kwa 233, gawanya kwa 365, unapata 383.01. Lakini kampuni nyingi hazihesabu kuanzia siku uliyouza gari. Zinahesabu kuanzia siku zilipopokea taarifa yako ya kuvunja. Ukiandika leo, tarehe 4 Agosti, zimeshatumika siku 157, zinabaki 208, na hesabu inashuka hadi 341.92. Yaani siku 25 ulizokaa ukifikiria zimekula 41.09. Ndiyo maana barua itumwe leo, hata kama hujamaliza kusoma masharti. Katika barua hiyo omba mkataba uhesabiwe kuwa umekoma tarehe 10 Julai, ukiambatanisha hati ya kuhamisha umiliki. Mikataba iliyofungwa kwenye gari hukubali jambo hilo mara nyingi, kwa sababu hati ile inathibitisha kwamba baada ya tarehe hiyo usingeweza kuwaita. Simu ya juzi nayo itaje, kwa tarehe na saa. Ikiwa imerekodiwa, inaweza kuhesabiwa kuwa taarifa ya kwanza.

Kwenye hesabu hiyo toa gharama ya kuvunja mkataba, ikiwa imeandikwa. Tuseme ni 30. Na kama uko kwenye ile namna ya pili ya masharti, toa pia gharama ya kushtua betri. Tuseme wamesema 90. Kutoka 341.92 unabaki na 221.92. Wakikutajia gharama ya huduma, waulize imetoka wapi. Inapaswa kuwa ile waliyoitumia wao au iliyoandikwa kwenye mkataba, si bei wanayomtoza mtu baki asiye mwanachama.

Njia ya pili ya hesabu ndiyo inayowashtua watu, na hupatikana hasa pale msaada wa barabarani ulipouzwa pamoja na bima ya gari au kwa mtindo wa bima. Ni jedwali la muda mfupi. Kampuni haihesabu siku zilizobaki. Inajifanya kana kwamba tangu mwanzo ulinunua muda mfupi, na muda mfupi una bei ya juu. Jedwali linalopatikana kwenye bima nyingi za magari linakwenda hivi: hadi wiki moja, kampuni inabaki na asilimia 12.5 ya ada ya mwaka; hadi mwezi mmoja 25; hadi miezi miwili 37.5, hadi miezi mitatu 50, hadi minne 62.5, hadi sita 75, hadi minane 87.5; ukizidi miezi minane, yote.

Jiweke humo. Tarehe 10 Julai ulikuwa na miezi minne na siku kumi. Umevuka ngazi ya miezi minne, umeingia ngazi ya sita. Kampuni inabaki na asilimia 75, yaani 450, na wewe unapata 150. Linganisha na 383 ya hesabu ya siku! Na kama gari lingeuzwa na barua kufika kabla ya Juni kwisha, ungepata 225. Siku kumi tu zimekugharimu 75.

Ila jedwali hili lina upande wake wa pili ambao watu hawautazami. Ukishaingia kwenye ngazi, umeilipia hadi mwisho wake. Wewe ngazi yako inakwisha 31 Agosti. Ukivunja leo unapata 150, ukivunja Agosti 31 unapata 150 ileile. Kwa hiyo kama mkataba wako unatumia jedwali, haraka ya leo haina faida. Unaweza kutulia wiki tatu uone kama utapata gari lingine. Lakini tarehe 1 Septemba ikikukuta hujaandika, 150 inakuwa 75, na mwisho wa Oktoba ukipita hakuna kitu. Sasa utauliza: mbona juu nimesema andika leo? Kwa sababu bado hujajua uko kwenye hesabu ipi. Andika leo kuuliza na kutoa taarifa, na omba kwanza hesabu kwa maandishi kabla ya kufunga mkataba. Taarifa inalinda tarehe yako ikiwa wanahesabu siku. Kama wanatumia jedwali hupotezi kitu.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Ingekuwa yangu ningeandika hivi: "Mkataba namba fulani, ulioanza tarehe 1 Machi. Gari lenye namba fulani niliuza tarehe 10 Julai, hati ya kuhamisha umiliki imeambatanishwa. Natoa taarifa ya kuvunja mkataba na naomba ukome kuanzia tarehe hiyo. Kabla ya kuufunga, naomba mnitumie kwa maandishi: kifungu mnachotumia, njia ya hesabu, kila makato na sababu yake, na orodha ya huduma zilizoandikwa kwenye mkataba huu. Naomba pia mzime ukataji wa moja kwa moja wa mwaka ujao. Nilipiga simu tarehe fulani kuhusu jambo hilihili." Basi. Usiweke hasira, usiweke historia ya maisha. Anayeisoma ana faili hamsini mezani na anatafuta namba ya mkataba.

Ipeleke mahali panapotajwa kwenye masharti. Kama ulinunua kupitia wakala au dalali wa bima, mpelekee yeye na nakala kwa kampuni, kwa sababu hapo ndipo barua nyingi hulala. Wakala akivunja mkataba, kamisheni yake humponyoka, kwa hiyo si mtu mwenye haraka. Na ada yake ya huduma, ile aliyokutoza mbali na ada ya kampuni, mara nyingi hairudi hata kila kitu kingine kikirudi. Angalia risiti: kama 600 yako ilikuwa 560 ya kampuni na 40 ya wakala, hesabu zote za juu zianze na 560.

Kabla hujafunga, kuna njia nyingine ya kuipima kwa makini, hasa ikiwa kifungu chako ni kile cha kwanza, cha kutorudisha kitu kwa aliyekwisha kutumia. Uliza kama mkataba unaweza kuhamishiwa kwenye gari jingine. Mikataba ya gari mara nyingi inaruhusu kubadilisha namba bila malipo au kwa malipo madogo, ingawa wengine huweka mipaka ya umri au uzito wa gari jipya. Ukivunja unapata sifuri. Ukihamisha unabaki na karibu miezi saba ya huduma ambayo umeshailipia. Hata ikiwa uko kwenye jedwali, fikiri: 150 mkononi, au miezi saba ambayo ukija kuinunua upya utailipia ada nzima ya mwaka na kuanza tena na muda wa kusubiri, kwa maana mikataba mingi haikubali mwito wa siku ya kwanza au mbili za mwanzo. Kama una mpango wa kununua gari ndani ya miezi miwili mitatu, mimi nisingevunja. Kama hununui gari tena mwaka huu, vunja. Kuna wanaoruhusu pia kumhamishia mnunuzi wa gari, ingawa si wengi, na hilo lingekuwa na maana zaidi ukiwa bado mnajadiliana bei. Sasa hivi mnunuzi hana sababu ya kukulipa.

Mkataba wa mtu nao una njia yake. Baadhi hukubali kubadilisha jina kwenda kwa mwenzi anayeishi nyumba moja nawe. Uliza tu, swali halilipiwi.

Kuhusu benki, namwelewa rafiki yako, lakini anakupeleka kwenye mlango usio wako. Benki hubatilisha malipo ya kadi pale kitu kilipolipiwa hakikutolewa, au ulipokatwa bila idhini. Wewe ulitoa idhini, na huduma ilitolewa. Huenda wana hata saini yako ya Mei ya kupokea fundi. Kampuni itapeleka ushahidi huo na dai litaanguka, na huenda wakaufunga mkataba kwa deni badala ya kuuvunja kwa hesabu. Benki inakuwa na kazi katika hali mbili: kampuni imekubali kwa maandishi kukurudishia kiasi fulani kisha haikurudishi, au imekukata ada ya mwaka mpya baada ya kupokea taarifa yako ya kuvunja. Hapo nenda na barua zako, na usichelewe, kwa sababu muda wa kulalamikia malipo ya kadi ni miezi michache tu.

Niseme neno kwa wanaolipa kidogokidogo kila mwezi, maana wao ndio huumia zaidi kwa ushauri wa aina hii. Kuzuia makato benki si kuvunja mkataba. Ukiwa umenunua mwaka na kulipa kwa awamu, unadaiwa mwaka. Chukua mfano wetu uleule: awamu 12 za 50, na hadi 4 Agosti umeshalipa sita, yaani 300. Kwa jedwali la muda mfupi, kampuni inastahili 450. Mtu huyu akivunja harudishiwi kitu, anadaiwa 150. Na kama masharti ni yale ya kutorudisha kitu kwa aliyetumia, anadaiwa 300 yote iliyobaki. Akizuia makato kimyakimya, deni hilo linaanza kutafutwa na wakusanya madeni, pamoja na gharama za kuchelewa. Tofauti ni mkataba wa mwezi kwa mwezi wa kweli, ambao unakoma kwa taarifa ya siku zilizotajwa. Jina "malipo ya kila mwezi" halikuambii ni upi kati ya hiyo miwili. Ratiba ya mkataba inakuambia, kwa tarehe ya mwanzo na ya mwisho.

Na kama msaada huo ulikuja bure ndani ya kitu kingine, mfano akaunti ya benki, dhamana ya gari jipya au bima kubwa ya gari, hakuna miezi ya kudai, kwa sababu haukuwa na bei yake. Wewe ulilipia peke yake, hivyo halikuhusu, ila ni vizuri kukagua: nimekutana na watu waliokuwa na msaada huohuo mara mbili, mmoja wa kulipia na mmoja waliopewa na bima, bila kujua.

Kampuni ikikujibu kwa kifungu na hesabu, ihakiki kwa kikokotoo chako mwenyewe. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mwezi: wamehesabu Agosti yote kuwa imetumika ilhali mkataba unasema siku. Wasipojibu, au wakijibu bila kutaja kifungu, andika barua ya pili na kuiita malalamiko kwa neno hilohilo. Katika makampuni mengi neno "malalamiko" linaihamisha barua kutoka dawati la kawaida kwenda kwa mtu mwenye muda maalumu wa kujibu. Hapo ndipo inapofaa kuuliza wanasimamiwa na nani, kwa sababu mkataba ulioandikwa kama bima uko chini ya mdhibiti wa bima, na penye msuluhishi wa migogoro ya bima anaweza kukusikiliza bila gharama kubwa. Ulioandikwa kama uanachama au huduma tu unaenda kwa wanaolinda haki za watumiaji. Ukipeleka kwa asiyehusika utapoteza wiki kadhaa.

Kuonana ana kwa ana na wakili au mshauri wa watumiaji sioni sababu kwa kiasi kama hiki, ikiwa tatizo ni hesabu tu. Ningekushauri uende ikiwa wameanza kukudai fedha badala ya kukurudishia, ikiwa ada ililipwa kupitia mkopo wa gari na hujui marejesho yanakwenda kwako au kwa mkopeshaji, au ikiwa mkataba ni wa miaka mingi na wanataka kurudisha nyuma punguzo walilokupa mwanzoni. Nenda na masharti ya 1 Machi, risiti, hati ya mauzo na nakala za barua zote mbili. Bila hivyo mshauri hana cha kusoma.

Mwisho, angalia kadi uliyolipia kama bado inafanya kazi. Marejesho kwa kawaida hurudi palepale fedha zilipotoka, na kama kadi ilishafungwa, hela hukaa njiani huku kila upande ukisema umeshatuma. Wape namba mpya ya akaunti kwenye barua ya leo. Na tarehe 1 Machi ijayo chungulia akaunti yako asubuhi. Kama ulikubali ukataji wa moja kwa moja na haukuzimwa, ndiyo siku watakayokata tena, na safari hii muda wa kutafakari utakuwa umefunguka upya kwenye mikataba mingi.